Hatua zimekaa juu ya picha: kutafuta kasoro katika sauti za foli

Mwongozaji akilalamikia sauti za foli, mara nyingi hawezi kusema kasoro iko wapi. Anatazama tukio, anarudia mara ya pili, halafu anasema, "Kaka, kuna kitu hakijakaa. Huyu mama anatembea huku, sauti inatembea kule." Maneno hayo yanaweza kubeba matatizo manne au matano tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake. Ukikosea utambuzi utashinda usiku kucha unasogeza hatua mojamoja kwenye kompyuta, kumbe kosa liko kwenye sakafu uliyoikanyaga.

Kwa asiyelizoea neno hili, foli ni sauti ndogondogo ambazo mtu anazitoa studioni baada ya filamu kupigwa picha, akiitazama picha na kuifuata: nyayo, nguo inayosuguana, kikombe kinachowekwa mezani, mlango unaofungwa. Jina linatokana na Jack Foley wa kampuni ya Universal, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1929, wakati filamu za Marekani zilipokuwa zinatoka kwenye ububu na kuingia kwenye sauti. Sababu ya kuhitajika haijabadilika tangu siku zile. Maiki ya lokesheni inalenga mdomo wa mwigizaji, hivyo miguu husikika kwa mbali au haisikiki. Tena, mazungumzo yakiondolewa ili yawekwe ya lugha nyingine, hatua zilizorekodiwa pamoja nayo zinaondoka. Ukitazama tamthilia ya Kituruki iliyowekewa sauti za Kiswahili na bado ukasikia viatu vikigonga ngazi, sehemu kubwa ya viatu hivyo ni foli.

Nitatumia tukio moja nililolifanyia kazi, kwa sababu lilikuwa na karibu kila kasoro ninayoijua. Lina dakika 1 na sekunde 40. Mama mtu mzima, mwembamba, anarudi nyumbani usiku. Anasukuma geti la bati, anavuka ua wa saruji wenye vumbi la mchanga, anapanda ngazi mbili za baraza, anaingia sebuleni kwenye saruji iliyosuguliwa, anafunga mlango wa mbao na kutia komeo. Amevaa ndala na doti ya kanga iliyokwisha fuliwa mara nyingi. Sauti ya lokesheni haikufaa kwa sababu jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma mwanzo hadi mwisho. Nilirekodi foli yote mchana mmoja, nikaridhika, na mwongozaji akaikataa.

Anza na muda, na uanze na hatua tatu tu

Kabla hujagusa kifaa chochote cha kurekebisha, kagua hatua tatu: ya kwanza kabisa ya tukio, moja ya katikati, na ya mwisho. Nenda fremu kwa fremu mpaka uone mguu unatua, kisha uangalie sauti iko umbali gani. Kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Hatua hizo tatu zinatosha kukuambia ugonjwa ni wa aina gani.

Zote tatu zikichelewa kwa kiasi kilekile, hukukosea wewe, kimechelewa kifaa. Mshukiwa wa kwanza ni televisheni unayoitazama wakati wa kurekodi. Nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unaufuata mguu ambao umeshatua zamani. Kama ucheleweshaji unausikia wakati wa kusikiliza tu, angalia kama umevaa hedifoni zisizo na waya, maana hizo hula fremu kadhaa kirahisi. Kuhakikisha, tengeneza video fupi yenye fremu moja nyeupe na mlio mfupi kwa pamoja, ichezeshe kwenye vifaa vyako, uirekodi kwa simu, kisha utazame fremu kwa fremu mwanga na mlio vimepishana kiasi gani. Ukishaijua tofauti, sogeza traki nzima mara moja kwa kiasi hicho. Usisogeze hatua mojamoja.

Hatua ya kwanza ikiwa sawa na ya mwisho imechelewa au imewahi, mwendo wa video unatofautiana na mwendo wa mradi wako. Ukubwa wa tofauti unakutajia chanzo. Fremu 23.976 zikisomwa kama 24, unapishana kwa fremu moja kila sekunde 40 hivi: katika tukio langu ingekuwa fremu mbili na kitu, na katika filamu ya dakika 90 ni zaidi ya sekunde 5. Fremu 24 zikichezeshwa kama 25, dakika 1 na sekunde 40 inapungua sekunde 4 nzima, hivyo utaiona mara moja. Na kama sauti yenyewe imekuwa nzito na ya kuvuta, kilichorekodiwa kwa kilohezi 48 kinachezeshwa kama 44.1.

Aina ya tatu ni ya kuudhi zaidi: sauti inaachana na picha, inarudi, inaachana nayo tena bila mpangilio. Hapo muulize mhariri kama video ilipigwa kwa simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua, na tukio la usiku ndilo linaloumia. Unaweza kuipima kwa ffprobe, programu ya kuandika amri inayokuja pamoja na ffmpeg, hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 tukio12.mp4
```

Namba mbili zinazotoka zikitofautiana, kuna uwezekano mkubwa fremu hazina mwendo mmoja. Tengeneza nakala yenye mwendo thabiti ndipo urekodi:

```
ffmpeg -i tukio12.mp4 -vf fps=25 -c:a copy tukio12_25.mp4
```

Nakala hiyo hiyo lazima aitumie na mhariri. Ukirekodi kwenye yako naye akabaki na ya zamani, mtagombana bila sababu.

Vipimo vyote hivyo nilivifanya, na kila kitu kilikuwa salama. Hata hivyo hatua za uani zilionekana kuwahi, zote, kwa fremu mbili au tatu. Ilinichukua saa nzima kugundua kwamba ndala ndiyo iliyonidanganya.

Ndala ina sauti mbili

Vua viatu sasa hivi, vaa ndala, utembee polepole kwenye sakafu. Mguu wa kulia unapotua unasikika mlio mfupi, mkavu na wa chini: *to*. Kisha kisigino kinainuka, ndala inabaki nyuma kidogo, halafu inaruka na kukipiga kisigino: *pwa*. Hiyo *pwa* ya mguu wa kulia haisikiki wakati mguu wa kulia unatua. Inasikika mguu wa kushoto ukiwa umeshatua, muda mfupi tu baadaye. Kwa hiyo sikio linasikia *to-pwa, to-pwa* na kudhani ni mguu mmoja, kumbe kila jozi ni ya miguu miwili.

Sasa fungua traki kwenye kompyuta. Kilele kirefu cha wimbi ni *pwa*, kwa kuwa ina makali zaidi. Mimi nilichukua kila kilele nikakiweka kwenye fremu ya mguu kutua, kama nilivyozoea kufanya na viatu. Matokeo yake *pwa* ikakaa mahali pa *to*, na *to* yenyewe ikasikika mguu ukiwa bado hewani. Sauti inayowahi inasumbua kuliko inayochelewa, kwa sababu maisha yetu yote tumezoea kuona kwanza na kusikia baadaye. Fremu moja ya kuchelewa inapita bila mtu kushtuka, fremu mbili za kuwahi hazipiti.

Dawa ni kutafuta kilele kidogo kilichotangulia, ambacho mara nyingine ni kijivimbe tu kwenye wimbi, na kukipatanisha hicho na mguu unaotua. Kilele kirefu kiache kiangukie kinapoangukia. Usizikate *to* na *pwa* ukazipanga upya kila moja peke yake, maana utaua mwendo wa mtu. Kama haziendani na picha, vaa ndala urekodi tena.

Sakafu inalia

Baada ya muda kukaa sawa, kilichobaki kilisikika kama mtu anayetembea juu ya sanduku. Chini ya kila hatua palikuwa na *du* nzito ambayo saruji ya ua haina. Watu wengi hapa wanakimbilia kukata sauti za chini kwenye kompyuta. *Du* inapungua, lakini nyayo nazo zinabaki nyembamba kama za mtu wa karatasi, kwa sababu uzito wa hatua uko jirani na mlio wa sakafu.

Chanzo kilikuwa mahali nilipokanyaga. Nilikuwa nimelaza kipande cha bamba la saruji juu ya vigae, ghorofa ya pili. Bamba halikukaa sawa, lilikuwa na nafasi ya hewa chini yake, na sakafu ya ghorofa yenyewe ni ngoma. Kujua kama unao ugonjwa huu, simama kando na uligonge bamba kwa kifundo cha kidole katikati na pembeni. Likitoa mlio unaotofautiana mahali na mahali, au likiendelea kulia baada ya kidole kuondoka, halifai. Gonga pia sakafu ya nyumba kwa kisigino kitupu. Ikijibu, hakuna bamba litakalokuokoa, shuka chini.

Studio kubwa za foli humwaga saruji, huweka mbao, changarawe na mchanga kwenye vishimo vilivyojengwa juu ya ardhi ngumu. Sisi tusio na vishimo tunaweza kutandaza mchanga mkavu kama sentimita 3 ndani ya fremu ya mbao, kulaza bamba juu yake na kulikandamiza mpaka lisicheze. Mchanga unaziba ile hewa. Nilihamia stoo ya ghorofa ya chini, nikafanya hivyo, na *du* ikaondoka bila kugusa kompyuta.

Palikuwa na jambo jingine. Sakafu yangu ilikuwa safi mno. Ua unaoonekana kwenye picha una vumbi, na ndala juu ya saruji ya vumbi ina mkwaruzo mdogo kila nyayo inapogeuka. Nilinyunyiza kijiko kimoja cha mchanga uliochekechwa. Kijiko cha pili kiligeuza ua kuwa njia ya changarawe, nikafagia nikarudi kwenye kimoja. Mama alipoingia sebuleni nilifuta bamba kwa kitambaa chenye unyevu, nikalikausha, nikaendelea. Tofauti hiyo kati ya nje na ndani ndiyo iliyomfanya mtazamaji aamini kwamba kizingiti kimevukwa.

Chumba kinasikika

Dalili yake ni hii: hatua zinasikika kama zimetoka bafuni hata kama mama yuko uani chini ya nyota. Usichanganye na tatizo la sakafu. Sakafu inaongeza uzito chini ya hatua, chumba kinaongeza mkia baada ya hatua, au kinaipa sauti rangi ya kopo. Piga kofi moja pale unaposimama. Ukisikia *zing* fupi baada ya kofi, hicho ndicho kinachoingia kwenye maiki.

Mwangwi ukishaingia hautoki. Mwangwi wa kuongeza unapatikana kwenye kila programu, wa kuondoa ni kazi ya kubahatisha. Kwa hiyo rekodi pakavu kadiri uwezavyo: magodoro mawili yamesimamishwa kwenye kona, mablanketi mazito yamening'inizwa mbele ya ukuta yakiacha nafasi kidogo nyuma yake, na wewe ukiwa katikati ya chumba badala ya kuegemea ukuta. Maiki ndefu ya lokesheni, ile ya bomba, haina faida kubwa ndani ya chumba kidogo, maana sauti zinazorudi kutoka kwenye kuta huiingia pembeni na kuibadilishia rangi. Maiki fupi yenye kusikia mbele inakaa vizuri zaidi.

Umbali nao una maana. Wengi huweka maiki sentimita 20 kutoka kwenye ndala ili wapate sauti kubwa, na wanapata kubwa kweli, lakini ni sauti ya mtu aliyelaza sikio sakafuni. Hakuna mtazamaji anayetazama filamu kutoka pale. Mimi naanzia mita 1, maiki ikiwa kwenye usawa wa goti au paja, imeelekezwa mbele kidogo ya vidole. Picha ikiwa ya mbali narudi mpaka mita 2 kama chumba kinaruhusu. Kurudisha maiki nyuma hakulingani na kupunguza sauti kwenye miksi: ukipunguza tu, unapata mtu wa karibu anayenong'ona kwa miguu.

Mwendo si wa huyu

Hapa ndipo maneno ya mwongozaji yalipokuwa na ukweli kuliko popote. Mimi nina kilo 85. Mama yule hazidi 55, na goti lake la kushoto linamsumbua. Nilikuwa nimemtembeza kama askari wa zamu.

Kupunguza sauti hakumpunguzi mtu uzito. Uzito unasikika katika muda ambao nyayo inachukua kumaliza kutua. Mtu mzito mwenye haraka anatua kwa kisigino na nyayo inafuata kwa kishindo kimoja. Mtu mzima anayechunga goti anatua karibu nyayo nzima kwa pamoja, kwa upole, na kabla ya kuinua mguu unaofuata kuna mvuto mdogo wa ndala sakafuni. Nilipokuwa natembea palepale mbele ya maiki, niliegemea meza kwa mkono mmoja ili mkono ubebe sehemu ya uzito, nikalegeza magoti, nikaacha mguu wa kushoto ukae sakafuni kitambo kuliko wa kulia. Baada ya majaribio sita ile *to* ikawa nyepesi bila kuwa ndogo.

Sehemu kubwa ya tukio miguu yake haionekani, kamera iko kifuani. Hapo usikisie. Tazama mabega. Bega linashuka upande ambao mguu umetua, na kwa mtu anayechechemea linashuka zaidi upande mmoja. Mimi hulitazama tukio mara tatu bila sauti, nikihesabu kwa mdomo, kabla ya kuwasha maiki. Kwenye ngazi za baraza alipumzika nusu sekunde kabla ya ya pili, na sikuliona hilo mpaka nilipomtazama bega.

Kanga inasikika kama mfuko wa rambo

Nguo hurekodiwa kwa mpigo mmoja tangu mwanzo wa tukio hadi mwisho, umeishika mkononi na kuisugua kwa kufuata mwili wa mwigizaji. Ikisikika kama plastiki, kitambaa ni kipya au kina nailoni. Kanga ya dukani bado ina wanga, inapiga kelele kila ikikunjwa. Loweka, fua, anika, au azima ya mtu aliyeivaa mwaka mzima. Baibui lina mluzi wake mwembamba, usilitumie kwa kanga hata kama ndilo lililo karibu.

Kama badala ya nguo unasikia *shhh* isiyokatika, hiyo si nguo, ni mashine. Kitambaa laini kina sauti ndogo sana, umeongeza gein, yaani ukuzaji wa sauti inayoingia, mpaka kelele ya kinasa sauti yenyewe ikajitokeza. Sogeza maiki mpaka sentimita 30, punguza gein. Nguo ndiyo ninayoiruhusu kuwa karibu namna hiyo, kwa sababu kwenye miksi itakaa chini kabisa. Kipimo changu cha kiasi ni kuizima: nikiizima na mama akaonekana kama picha ya ukutani, nikiiwasha na nisiweze kuitaja kwamba naisikia, imetosha.

Mlango hauna mwili

Mlango unaobamizwa ni sauti nyingi zilizofuatana: bawaba, hewa, ubao kugonga fremu, ulimi wa kitasa kuingia, na mwisho mtikisiko wa kila kilicholegea. Mlango ukisikika kama kofi, umerekodi ulimi wa kitasa peke yake, kwa kuwa maiki ilikuwa hapo. Ukisikika mwepesi, umetumia mlango wa kisasa wenye uwazi ndani. Mlango wa yule mama ni mninga au unafanana nao. Sikuwa na mninga, nilikuwa na mlango wa kawaida. Nilifunga mfuko wa mchanga wa kama kilo 5 nyuma yake kwa chini, nikaweka maiki mita 1.5 upande ambao kamera imesimama, yaani ndani ya sebule, nikausukuma bila kuubamiza kwa nguvu. Uzito ulifanya kazi ambayo mkono ulikuwa unaikosa.

Ukibamiza, acha nafasi. Panga kilele cha jaribio kifike kama -12 dBFS, yaani desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa, kwa sababu mbamizo wa kweli siku zote unazidi wa majaribio. Wimbi likiwa na kichwa bapa kama meza limekatika, rekodi tena. Kuna dalili nyingine inayopotosha watu: baada ya mlango, hatua mbili zinazofuata zinapotea, kisha kelele ya chumba inapanda polepole kama maji. Huo ni udhibiti wa sauti wa kujiendesha ndani ya kinasa au simu. Uzime kabla ya kurekodi, maana hakuna marekebisho ya baadaye yatakayozirudisha hatua zile vizuri.

Komeo nililirekodi peke yake, kwa mkono mwepesi, maiki ikiwa karibu zaidi ya mlango. Kwenye picha mkono wake umefichwa na bega, hivyo niliweka komeo nilipodhani mkono umefika. Mwongozaji alikunja uso tena. Tulitazama pamoja, na safari hii aliliona yeye: bega lilikuwa likiendelea kusogea baada ya chuma kugonga. Tulilisogeza komeo fremu 4 mbele, bega likatulia, chuma kikagonga, mama akashusha pumzi.